Mmenuniana halafu kakusalimia? Itikia hivi

Jamani huku Mbeya ukienda sokoni Mwanjelwa lazima ukutane na mtu usiyetaka hata kumwona. Akikwambia "habari za asubuhi" we itikia "salama dada", sauti ya kawaida, mwangalie kidogo afu endelea kutembea. Usiongeze "za kwako?" maana hapo umeshafungua maongezi, na usigune tu "mh", watu wote pale watajua mna ugomvi. Mi na jirani tulinuniana kisa hela ya mchezo, nikamwitikia hivyohivyo na ndoo yangu ya viazi kichwani, nikasema "nawahi bajaji", akapita zake. Ila akiwa mkubwa kwako, muwahi wewe na shikamoo, akishasema marahaba basi, pita.