Somo: Kusoma picha yenye ukungu na kuandika prompti isiyozidi kinachoonekana

Kazi nyingi zinazoingia kwenye studio zetu hapa Dodoma ni picha za zamani zilizopita kwenye simu nyingi kabla ya kutufikia. Mteja anataka picha ichorwe upya kwa akili mnemba, iwe kubwa, atundike sebuleni. Programu haikatai: uso usioonekana itautengeneza, na utapendeza. Anayeweza kuizuia ni yule anayeandika prompti. Nitafundisha kwa picha moja ambayo familia imeniruhusu kuielezea bila kuionyesha: mtu amesimama mbele ya nyumba, kijijini upande wa Bahi.

Hatua ya 1: Tafuta faili iliyo bora zaidi. Muulize mteja kama picha ya karatasi bado ipo, muipige upya juani bila kivuli cha mkono. Kama haipo, mwombe aliyeituma kwanza aitume WhatsApp kwa njia ya Document, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa. Kwetu karatasi ilishapotea, tukabaki na faili ya pikseli 320 kwa 240.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kutazama. Ukiikuza picha kwenye simu, simu hulainisha kingo na jicho lako linaanza kuona vitu. Tumia GIMP: Image, kisha Scale Image, na kwenye Interpolation chagua None. Sasa kila pikseli inakuwa mraba unaohesabika. Mtu wetu ana urefu wa pikseli 110 hivi, kichwa chake 15 kwenda chini na 11 kwa upana. Jicho huchukua takriban sehemu moja kati ya tano za upana wa uso, kwa hiyo kila jicho limepewa pikseli mbili. Pikseli mbili haziwezi kukueleza kama jicho lilikuwa wazi au limefumba. Hapo uso umeshatoka kwenye orodha ya vinavyoonekana, hata kabla hatujabishana.

Angalia pia nguo. Ilionekana kama ina mirabamiraba. Faili za JPEG hubanwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na vipande hivyo vikibanwa sana huacha mirabamiraba ya bandia. Nilitazama anga na ukuta: mirabamiraba ileile ilikuwepo, kwa ukubwa uleule. Basi si ya kitambaa.

Hatua ya 3: Gawa karatasi safu tatu: Naona, Nadhani, Naambiwa. Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiiharakishe.

Nyumba kwanza. Mtu wa Dodoma akiona ukuta wa udongo na nyumba fupi, mdomo unasema "tembe" kabla jicho halijamaliza. Lakini ninachoona ni ukingo wa juu ulio mstari mnyoofu uliolala. Paa la tembe huonekana hivyo, na paa la bati la mgongo mmoja likipigwa picha kwa mbele huonekana hivyohivyo. Kwa hiyo "mstari mnyoofu uliolala" unakwenda Naona, na "tembe" inakwenda Nadhani.

Halafu kile alichoshika. Familia inasema ni zeze la babu. Ninachoona ni mstari mweusi uliolala mshazari kifuani, wenye duara nene upande wa chini. Inaweza kuwa zeze na kibuyu chake, inaweza kuwa rungu. Uzi wa zeze kwa kipimo hiki haufiki hata pikseli moja, kwa hiyo hakuna jicho litakaloamua kwa picha hii peke yake. Familia siwapingi, wanamjua wao. Neno lao linakaa Naambiwa, pamoja na neno "mwanamume", maana nguo ndefu ya rangi hafifu haisemi hilo.

Upande wa kulia na kushoto, sema "wa picha". Picha iliyonakiliwa mara nyingi huenda iligeuzwa, na hapo mkono wa kulia wa mtu huwa kitendawili.

Hatua ya 4: Andika kutoka safu ya Naona tu.

```
Mtu mzima amesimama wima, anaonekana mwili mzima.
Nyuma yake ukuta wa rangi ya udongo; ukingo wa juu
ni mstari mnyoofu uliolala. Mlango ni mstatili mweusi,
kushoto mwa picha. Nguo ya rangi hafifu, mabegani hadi
magotini. Kitu cheusi chembamba kimelala mshazari kifuani,
ncha ya chini ni duara nene. Uso mdogo, wenye kivuli na
ukungu. Kivuli kifupi miguuni. Rangi zimepauka.
```

Msiandike maneno ya kuomba ukali na maelezo mengi, kama "kali sana" au "kila undani". Maneno hayo ni ruhusa ya kubuni. Na msiandike "bila miwani": programu nyingi hulishika neno miwani na kuliacha "bila", kisha miwani inatokea. Kisichoonekana hakitajwi kabisa.

Kama mnaanza na picha yenyewe, wekeni Denoising strength chini, karibu na 0.3. Ikipanda kuelekea 1, programu inaiacha picha na kufuata maneno. Ikiwa chini, ukungu nao unabaki, na hilo mteja aambiwe mapema.

Hatua ya 5: Rudisha matokeo kwenye pikseli 320 kwa 240, yaweke juu ya picha ya awali kwenye GIMP, na uchague mode ya Difference. Palipolingana patakuwa peusi. Kwetu, toleo la kwanza liling'aa pale mlangoni: programu ilikuwa imeongeza fremu nyeupe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mpwapwa: Mwalimu, matokeo yakilingana kabisa baada ya kupunguzwa, si ina maana uso ni wenyewe?*

Hapana, ndugu yangu. Yasipolingana, umejua kuna kosa. Yakilingana, hujajua mengi, kwa sababu nyuso nyingi tofauti zikipunguzwa hutoa pikseli zilezile. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu ya PULSE, iliyotafuta uso mkali ambao ukipunguzwa unalingana na picha hafifu. Watu waliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa sana, ikatoa uso wa mwanamume mzungu.

*Mwanachama, Kondoa: Familia inasema zeze, mimi ni nani niseme "kitu cheusi"? Naona kama ni kuwakosea adabu.*

Watengenezee matoleo mawili. La kwanza la Naona tu. La pili liongeze zeze, na nyuma ya fremu uandike: "Zeze limechorwa kwa maelezo ya familia." Ila neno "zeze" peke yake huenda likakuletea gitaa. Eleza umbo: kibuyu, mti mwembamba, upinde. Idadi ya nyuzi waulize wao, maana kuna zeze za nyuzi mbili na kuna za nyuzi nyingi zaidi. Wasipokumbuka, wachague toleo la kwanza.

*Mwanachama, Dodoma mjini: Nikiandika "babu" badala ya "mtu mzima" kuna ubaya? Ni babu yao kweli.*

Ni babu yao leo. Siku ile anapigwa picha pengine alikuwa kijana. Ukiandika "babu", programu italeta mvi na makunyanzi.

*Mwanachama, Manyoni: Mteja hataki uso wa ukungu, anasema hawezi kulipia hivyo. Nifanyeje?*

Muulize kama kuna picha nyingine ya mtu huyohuyo, hata ya kitambulisho, na uso uongozwe na hiyo. Kama haipo, funika uso kwa mask ili programu isiuguse, uchore nyumba, ukuta na ardhi, uso ubaki na pikseli zake za awali. Mwonyeshe zile pikseli 11 kwa 15 zilizokuzwa kwa None, umwache aangalie mwenyewe. Wateja wangu wengi wakishaziona hurudi wenyewe nyumbani kutafuta picha nyingine.