Sahani za agari zinazochafuka: kanuni mpya kuanzia Jumatatu

Wanafunzi wa maabara,

Kabla ya kutupa sahani iliyochafuka, angalieni madoa yameota wapi. Yakiwa juu ya agari, nje ya mistari ya kitanzi, basi vijidudu vilidondoka mfuniko ukiwa wazi. Yakiwa yamezama ndani ya agari, uchafu ulikuwemo tangu kumimina. Chunguzeni otoklevu na chupa, si mikono ya aliyepanda.

Kwa hiyo, kila agari ikitoka kwenye otoklevu (nyuzi 121, dakika 15) ipoe hadi nyuzi 50 hivi ndipo imiminwe. Ikimiminwa ya moto sana, mvuke hugeuka matone mfunikoni, na tone likifika ukingoni hufungulia bakteria njia ya kuingia. Sahani 2 za kila mkupuo zisipandwe kitu, zikae kwenye inkubeta nyuzi 37 kwa saa 24. Zikiota chochote, mkupuo mzima hautumiki, hata kama kazi yako ni ya haraka.

Wakati wa kupanda, inua mfuniko upande mmoja tu, karibu na moto, wala usiuweke mezani. Tarehe na namba ya mkupuo ziandikwe chini ya sahani, maana mifuniko hubadilishana.