Yuro zimetoka benki, kwenye soko la kripto hazijaingia: kwanza jua kama tatizo ni namba ya kumbukumbu au ni jina

Ijumaa moja jioni, hapa Ujerumani, nilihamisha yuro 600 kutoka benki yangu kwenda kwenye soko la kripto ninalotumia. Sehemu iliyoandikwa Verwendungszweck, yaani maelezo ya malipo, niliandika "akiba", kama ninavyofanya nikimtumia mtu fedha. Jumatatu benki ilionyesha kuwa fedha zimeshatoka. Hadi Jumatano salio langu sokoni lilikuwa sifuri, na usingizi ulikuwa umenipaa.

Fedha hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimefika kwenye akaunti ya soko, ila hapakuwa na mtu aliyejua ni za nani. Soko nililotumia lina akaunti moja ya benki inayopokea yuro za wateja wote. IBAN niliyopewa mimi ndiyo aliyopewa mteja aliyeko Lisbon. Kinachotutenganisha ni msimbo mfupi wa herufi na tarakimu unaoonyeshwa chini ya IBAN kwenye ukurasa wa kuweka fedha. Hiyo ndiyo namba ya kumbukumbu. Mfumo unaisoma na kupeleka fedha kwa mwenyewe bila mkono wa mtu. Ukiikosa, muamala unawekwa kando mpaka mfanyakazi aushughulikie.

Yako masoko yanayompa kila mteja IBAN yake peke yake, na huko namba hiyo haihitajiki. Utatambua kwa kuangalia ukurasa wenyewe: ukionyeshwa msimbo na kuambiwa uuandike, basi akaunti ni ya wote.

Kabla hujaandika malalamiko, hesabu siku. Uhamisho wa kawaida wa SEPA, mfumo wa kuhamisha yuro kati ya benki za Ulaya, hufika siku ya kazi inayofuata, na Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Uliotumwa Ijumaa usiku unaweza kufika Jumanne bila kosa la mtu yeyote. Uhamisho wa papo hapo unatakiwa kufika ndani ya sekunde 10, kwa hiyo huo ukikaa saa nzima bila kuonekana, una sababu ya kuuliza.

Kisha fungua maelezo ya muamala kwenye benki yako na usome vitu viwili tu: ulichoandika kwenye Verwendungszweck, na jina la mwenye akaunti iliyotoa fedha. Ukikuta maneno `NOTPROVIDED` mbele ya End-to-End-Referenz, usishtuke. Hiyo ni sehemu nyingine ambayo benki huijaza hivyo ikiwa hapana kitu, na sicho kinachozuia fedha zako.

Kama jina ni lako na kilichokosekana ni msimbo, dawa ipo. Pakua PDF ya uthibitisho wa uhamisho kutoka benki. Picha ya skrini ya simu mara nyingi hukataliwa kwa sababu haionyeshi jina lako wala IBAN yako kamili. PDF ionyeshe jina lako, IBAN iliyotoa, IBAN iliyopokea, kiasi na tarehe. Ipeleke kwa huduma kwa wateja ukiwa umeingia ndani ya akaunti yako ya soko, na ueleze kwa mistari mitatu: nilituma kiasi hiki, tarehe hii, nilisahau msimbo wangu ambao ni huu. Fungua ombi moja tu. Mimi nilifungua matatu kwa hofu, yakaangukia kwa watu watatu tofauti, kila mmoja akaniuliza maswali yaleyale. Nilipotuma PDF ile Alhamisi, fedha ziliingia Jumatatu iliyofuata.

Jina likitofautiana, mambo ni mengine, na hapa ndipo wengi wetu hunaswa. Soko linapaswa kujua fedha zimetoka kwa nani, kwa sababu ya sheria za kuzuia utakatishaji fedha, kwa hiyo hupokea tu fedha zilizotoka kwenye akaunti ya benki yenye jina la mteja aliyethibitishwa. Pasipoti ya Mtanzania ina jina lako, la baba na la babu au la ukoo. Benki ya hapa huenda iliandika mawili tu, au ilikugeuzia la baba likawa la katikati. Dada aliyeolewa anaweza kuwa na jina la mume benki na jina la kuzaliwa sokoni. Tofauti za namna hii hutatulika kwa nakala ya pasipoti, cheti cha ndoa au taarifa ya benki, kwa sababu mtu ni yuleyule.

Lakini fedha zikitoka kwa mtu mwingine kweli, hata akiwa mumeo au kaka yako, usipoteze siku kubembeleza ziingizwe. Rafiki yangu wa Bremen alituma yuro 1,000 kutoka akaunti ya mumewe, msimbo akauandika bila kukosea hata herufi. Zilikataliwa. Alieleza wiki nzima kwamba ni fedha za nyumba moja, na wiki hiyo yote fedha zilisimama. Alichotakiwa kuomba tangu mwanzo ni zirudishwe zilikotoka. Alipoomba hivyo, zilirudi kwenye IBAN ileile, zikiwa 990 baada ya kukatwa ada ya kurudisha. Kwa hiyo msifunge akaunti iliyotuma kabla fedha hazijarudi. Akaunti ya pamoja ya mke na mume, akaunti ya biashara, na kampuni za kutuma fedha ambazo jina lao ndilo linaloonekana kwa mpokeaji badala ya lako, zote zinaweza kukukwamisha hivyohivyo. Soma kwanza masharti ya soko lako kuhusu hizo.

Wengine hukimbilia benki wakitaka ivute fedha. Zikishaingia kwa mpokeaji, benki yako inaweza kuomba tu; haiwezi kuzichukua bila yeye kukubali. Na ukiomba benki huku soko nalo likiwa linashughulikia ombi lako, huenda muamala ukafungiwa kwa muda mrefu zaidi. Chagua njia moja.

Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi za yuro hulinganisha jina la mpokeaji na IBAN kabla hujatuma. Watu wanaona alama ya kijani na kudhani kila kitu kiko sawa. Alama ile inamhusu mpokeaji peke yake. Haisemi lolote kuhusu msimbo wako wala kama jina lako linalingana na lile la sokoni. Na jina la mpokeaji linakiliwe kama lilivyoandikwa kwenye ukurasa wa soko, maana mara nyingine ni la taasisi ya malipo inayolihudumia soko hilo.

Ukikaa wiki kadhaa bila jibu la maana, andika malalamiko rasmi, tofauti na ombi la msaada. Kanuni ya MiCA ya Umoja wa Ulaya inawataka watoa huduma wa kripto wawe na utaratibu wa malalamiko usiomtoza mteja. Kwa kampuni iliyosajiliwa Ujerumani, hatua inayofuata ni BaFin, mamlaka ya Ujerumani inayosimamia sekta ya fedha. Na mtu akikutafuta WhatsApp akidai ni wa huduma kwa wateja, anataka ada ya "kufungua" fedha zako, huyo ni mwizi. Ada halali ya kurudisha hukatwa kwenye fedha zenyewe.

Yule rafiki wa Bremen alifungua akaunti ya benki kwa jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Alihifadhi soko kama mpokeaji kwenye programu ya benki, msimbo ukiwa ndani tayari, akatuma yuro 20 za kujaribu. Zilipoonekana kwenye salio, ndipo akatuma zilizobaki.