Kula na kunywa katika mazoezi ya mwinuko: mwongozo wa mkimbiaji wa pwani anayekwenda Iten

Iten, mji wa wakimbiaji ulio ukingoni mwa Bonde la Kerio, uko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Tuchukue mfano wa mkimbiaji wa Mombasa mwenye uzito wa kilo 58 anayetaka kufanya mazoezi huko kwa wiki nne.

Hatua ya 1: Pima chuma wiki sita kabla ya safari

Mwili ukiwa mwinukoni huongeza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na kazi hiyo hutumia madini ya chuma. Akiba ikiwa ndogo, mkimbiaji hurudi na uchovu bila faida aliyoifuata. Omba kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, pamoja na hemoglobini, kwa sababu hemoglobini inaweza kuwa ya kawaida huku akiba ikiwa imekwisha. Kwa wanariadha, ferritini iliyo chini ya mikrogramu 35 kwa lita huhesabiwa kuwa akiba ndogo. Usipime ukiwa na homa au mara baada ya malaria, wala siku inayofuata mazoezi makali, kwani hali hizo hupandisha ferritini na kuficha upungufu.

Akiba ikiwa ndogo, daktari huweza kuagiza vidonge. Kidonge cha kawaida cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 hutoa takribani miligramu 65 za chuma chenyewe. Asiyepimwa asimeze, kwa kuwa chuma kikizidi hudhuru ini, na mwenye selimundu anahitaji ushauri wake maalumu.

Wakati wa kumeza una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Saa chache baada ya mazoezi, homoni ya hepsidini hupanda na kupunguza ufyonzwaji wa chuma. Kwa hiyo meza kidonge mara tu urudipo kutoka mbio za alfajiri, pamoja na chungwa, na usubiri saa moja kabla ya chai. Chai ni kinywaji kizuri huko Iten, lakini ikinywewa pamoja na kidonge huzuia sehemu kubwa ya chuma kisifyonzwe. Tumbo likisumbuka, mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuacha siku moja.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, kula kwa saa

Upungufu wa oksijeni hupunguza homoni zinazoleta njaa, nayo mazoezi makali hufanya vivyo hivyo, hivyo mkimbiaji anaweza kumaliza kilomita nyingi na asitamani sahani ya ugali. Asisubiri njaa. Ale mara tano au sita kwa kiasi kidogo, na pale chakula kigumu kinapokataa kushuka, atumie uji wenye maziwa na sukari, chai ya maziwa au mursik, maziwa yaliyochachushwa ya Wakalenjin.

Ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Siku tatu za kwanza uzito hushuka kidogo kwa sababu mwili hutoa maji mengi kwa mkojo, na hilo si la kutisha. Ukiendelea kushuka katika wiki ya pili, tatizo ni chakula, na mazoezi yapunguzwe hadi ulaji urudi.

Hatua ya 3: Hesabu wanga

Mwinukoni, kasi ileile ya pwani huwa ngumu zaidi, na misuli hutegemea wanga zaidi. Kwa siku ya mazoezi makali, lenga gramu 8 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mkimbiaji wetu ni gramu 464, ambazo anaweza kuzipata hivi:

- Ugali wa unga gramu 200 kwa jumla, mchana na usiku: 150
- Wali wa mchele mkavu gramu 100: 78
- Uji wa unga gramu 60 wenye sukari: 60
- Vipande vinne vya mkate: 56
- Ndizi mbivu tatu: 75
- Sukari ya chai, vijiko sita vidogo: 24
- Maziwa nusu lita: 25

Jumla ni 468. Siku ya mbio nyepesi, gramu 5 au 6 kwa kilo zatosha, kwa hiyo apunguze wali na sehemu ya ugali. Mboga kama sukuma wiki na managu zibaki palepale, ila zisijaze tumbo kabla ya ugali katika siku ngumu.

Hatua ya 4: Maji

Hewa ya Iten ni baridi na kavu. Jasho hukauka kabla mtu hajaliona, na kila pumzi hutoka na maji. Jipime kabla na baada ya mbio ndefu. Aliyepungua kilo 1 anywe lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu kwa saa chache, akila na chakula chenye chumvi. Uji na chai huhesabiwa humo. Mkojo wa asubuhi ukiwa wa njano iliyokolea, aongeze. Ukiwa mweupe kama maji siku nzima naye akiamka usiku mara kwa mara, apunguze. Maumivu ya kichwa yasiyoisha kwa maji, chakula na mapumziko yapelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, na mazoezi yasimame.