Zawadi ya mteja wa saluni: toa stimingi, usikate bei

Nimejaribu hili kwenye saluni yangu ndogo Sinza. Mteja akija mara tano kuosha na kuseti, mara ya sita anapata stimingi ya bure, Jumanne hadi Alhamisi tu. Kwangu kuosha na kuseti ni 15,000, kwa hiyo mara tano ni 75,000. Punguzo la asilimia 10 lingenila 7,500. Stimingi naiuza 10,000, lakini dawa na umeme havizidi 1,500, na siku hizo kiti kinakaa kitupu. Naongeza 3,000 za msusi, maana analipwa kwa kichwa. Usipomlipa ataifanya kwa kulipua, na mteja ataona. Jumla 4,500.

Kadi zinapotea kwenye mikoba, achana nazo. Chukua kauntabuku, kila mteja mstari wake, umtafute kwa tarakimu tatu za mwisho za simu yake. Anayepokea hela ndiye anayeweka alama, si msusi, la sivyo marafiki wa wasusi watajaziwa mistari yao bila kulipa.

Kwa wanaosuka rasta haifai. Wanarudi baada ya wiki sita au zaidi, kwa hiyo mara tano ni zaidi ya nusu mwaka, na wengi watakuwa wameshasahau. Hao nawapa kufumuliwa bure wakirudi kusuka kwangu. Na Jumamosi usikubali hata akubembeleze: stimingi ya nusu saa inamsimamisha mteja mwenye hela mkononi.