Kabla mtoto hajaanza dawa ya umakini

Kabla ya kidonge cha kwanza cha methilfenideti, dawa ya watoto wenye shida ya kutulia na kuzingatia, mtoto apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo, na namba hizo ziandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, mwambieni daktari hata asipouliza.

Dawa hii si ya kumlaza mtoto. Seli za ubongo hutoa kemikali za kupelekeana ujumbe, dopamini na noradrenalini, kisha huzifyonza tena upesi. Dawa huzuia ufyonzaji huo, kemikali zikakaa kazini muda mrefu zaidi, na mtoto akaweza kumaliza alichoanza. Kidonge cha kawaida huisha nguvu baada ya saa 3 hadi 5.

Sasa chakula, na hapa mnisikilize. Jirani yetu wa Uyole alikuwa akimpa kijana wake wa miaka 9 kidonge saa 12 asubuhi, tumbo tupu. Uji ukipoa vya kutosha kunywewa, hamu imeshakufa. Mchana shuleni kuna makande, lakini kidonge cha pili kimeshaingia, basi vijiko viwili na sahani inasukumwa kwa rafiki. Saa 2 usiku dawa imekwisha, njaa yote inarudi kwa mkupuo. Mtoto anafunua masufuria, anaambiwa ana ulafi na muda wa kula umepita. Kwa muhula mmoja akashuka kutoka kilo 26 hadi 23. Bibi yake akataka dawa itupwe chooni.

Kilichobadilishwa ni ratiba ya sahani. Uji mzito wa maziwa na karanga kwanza, ndipo kidonge. Mchana asigombezwe. Jioni na kabla ya kulala apate chakula kamili: viazi, maharage, parachichi, ambalo huku kwetu halikosekani. Kilo zilirudi taratibu. Mpimeni kila mwezi kwa mizani ileile; uzito ukizidi kushuka au urefu ukisimama, daktari ndiye wa kupunguza dozi au kupanga mapumziko ya dawa wakati wa likizo.

Usingizi: msiongeze kidonge saa 10 jioni eti amalize kazi za shule, atakesha. Na chai ya rangi ya usiku iondoeni, nayo inaamsha.

Uteja? Kikimezwa kwa dozi aliyoandikiwa, mazoea ya kulevya ni nadra. Hatari huja kikisagwa na kuvutwa puani, au kaka mtu wa kidato cha nne akikiazima akeshee mtihani. Kwa hiyo kopo lifungiwe, na vidonge vihesabiwe. Akiwa bweni, vikae kwa matroni, visikae kwenye tranka. Mkivuka Tunduma kwenda Zambia, bebeni cheti cha daktari, maana ni dawa inayodhibitiwa kimataifa. Akizimia, akilalamika kifua au akianza kuona visivyokuwepo, msimpe kidonge kinachofuata. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.