Kuonesha lesi na shifoni juu ya gauni la stara kwenye picha ya kompyuta

Msimu wa korosho ukianza kulipa, hapa Mtwara harusi hufuatana, na wateja wengi wanataka waone gauni kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mimi huwatengenezea picha kwa Stable Diffusion, kupitia ukurasa wa AUTOMATIC1111. Gauni la satini au krepu halina shida. Shida ni lesi. Ukiiandikia programu neno lesi tangu mwanzo, mara nyingi inaichora juu ya ngozi tupu. Kwa mama anayekwenda kwenye nikahi msikitini, picha hiyo haifai hata kuoneshwa.

Kwa hiyo mimi hufuata mpangilio wa cherehani: gauni la ndani linakamilika kwanza, lesi inakuja juu yake baadaye. Nitaonesha kwa kazi moja, ya shangazi wa bwana harusi aliyetaka lesi ya rangi ya maziwa juu ya bitana ya kijani iliyokolea, mikono mpaka kwenye kiganja.

Hatua ya 1: gauni la ndani, zito, lisiloonesha kitu

Tengeneza picha ya upana wa pikseli 832 na urefu wa 1216, ukubwa ambao SDXL, toleo la Stable Diffusion ninalolitumia, inauelewa vizuri. Maelezo niliyoandika ni haya:

```
adult woman standing, full-length dark green crepe dress,
opaque matte fabric, high round neckline, long sleeves
to the wrist, soft window light from the left
```

Lesi haijatajwa popote. Usijaribu kuandika "isioneshe ngozi" katika maelezo haya, maana neno ngozi lenyewe ndilo programu italishika. Taja kitambaa unachokitaka, basi. Taja na upande mwanga unakotoka, kwa sababu utauhitaji kwenye kivuli.

Bitana isifanane na rangi ya ngozi. Mwanzoni shangazi alipenda bitana ya kahawia hafifu, na nilipomwonesha picha akashtuka: "Fundi, mbona begani naona mwili?" Nikamjibu, "Ni bitana hiyo, shangazi, ila macho ya watu nayo yataona hivyohivyo." Ndipo tukahamia kwenye kijani.

Na jambo moja silifanyi: siweki picha ya mteja mwenyewe kwenye programu nikaiongezea vitambaa vyepesi. Mtu wa kwenye picha awe wa kubuni.

Hatua ya 2: piga picha lesi yenyewe

Lesi inayobuniwa na programu haipo dukani, na mteja atakudai ileile aliyoiona. Nenda na karatasi nyeusi, tandaza lesi juu yake mahali penye kivuli cha mchana, piga kutoka juu moja kwa moja, na uweke futi ya fundi pembeni.

Futi hiyo ni ya kupata kipimo. Ua la lesi yetu lilikuwa na upana wa sentimita 6. Mkono wa gauni, kutoka begani mpaka kiganjani, ni sentimita 58, na kwenye picha ulichukua takriban pikseli 390. Kwa hiyo kila sentimita ni kama pikseli 6.7, na ua linatakiwa liwe pikseli 40. Ua likiwa pikseli 80, mteja ataona lesi ya pazia. Matundu ya neti katikati ya maua, yenye milimita 3, yanabaki pikseli 2 tu. Usihangaike kuyachora moja moja. Hata kwa macho, ukisimama hatua kadhaa kutoka kwa mvaaji, unachoona hapo ni kijani iliyopauka kidogo.

Hatua ya 3: valisha lesi

Fungua picha ya gauni kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, weka lesi kama tabaka juu yake, kisha badilisha hali ya tabaka kuwa `Screen`. Nyeusi ya karatasi inapotea, maua yanabaki juu ya kijani. Kama lesi yako ni nyeusi, ipige picha juu ya karatasi nyeupe na utumie `Multiply`.

Mkono, kifua na sketi kila kimoja kiwe na tabaka lake, kwa sababu kwenye gauni la kweli ua hukatika penye mshono wa kwapa na wa ubavuni. Lesi inayopita mshononi bila kukatika ndiyo inayomfanya fundi mwenzako agundue papo hapo kwamba picha ni ya uongo. Kwa `Warp Transform` vuta maua yafuate mkunjo wa kiwiko na yabanwe kwenye mikunjo ya sketi.

Kisha kivuli, ambacho wengi hukiruka. Nakili tabaka la lesi, iendee `Colors > Invert`, weka hali ya `Multiply`, punguza `Opacity` iwe 30, na ulishushe chini ya lesi. Lisogeze pikseli 2 kuelekea kulia, upande wa pili wa mwanga, na ulipe ukungu kidogo kwa `Gaussian Blur`. Hapo lesi inanyanyuka kutoka kwenye bitana. Kifuani, inapobana, pikseli 1 inatosha. Kwenye mdomo wa mkono ulio mpana, peleka mpaka 4.

Hatua ya 4: unganisha kwa mkono mwepesi

Rudisha picha kwenye `Inpaint` ya AUTOMATIC1111, paka mkono peke yake, chagua `Only masked` ili sehemu hiyo ichorwe kwa ukubwa kisha ipunguzwe, na weka `Denoising strength` kwenye 0.3. Sasa ndipo unataja lesi:

```
cream corded lace over opaque dark green lining
```

Ukivuka 0.5 utapata lesi nyingine kabisa. Ukimaliza, chukua kifaa cha kuchota rangi, uguse kati ya maua sehemu kadhaa za mkono na kifua. Kila mahali isome kijani. Ikisoma kahawia hata mara moja, programu imetoboa bitana. Futa, urudie kwa 0.2.

Shifoni ya mtandio

Shifoni ina tabia tofauti: wepesi wake hubadilika kwa idadi ya mikunjo. Programu huipaka sawasawa kote, ikaonekana kama nailoni ya mfuko. Mimi huichora kwenye GIMP kwa matabaka ya rangi yenye `Opacity` 30. Mahali penye tabaka moja, asilimia 30 ya kilicho nyuma inafunikwa. Penye mawili ni 51, penye matatu karibu 66. Pindo lililokunjwa na kushonwa liwe mstari mzito zaidi. Mtandio unapogusa bega, gauni la chini lionekane wazi, na unaponing'inia mbali na mwili, livae ukungu. Baada ya hapo pitisha `Inpaint` ileile kwa 0.3.

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha ya kawaida, maana ikibanwa lesi yote inageuka madoa. Ambatanisha na ile picha ya lesi yenye futi pembeni, na umwambie wazi kwamba gauni la kwenye picha bado halijashonwa.